Umechukua stoki kwa mkopo: je, wewe ni tajiri zaidi?

Tuseme una duka dogo la vifaa vya simu Kangemi, hatua chache kutoka Waiyaki Way. Asubuhi moja unapanda matatu hadi tauni, unaingia Luthuli Avenue, na yule muuzaji wa holseli aliyekuzoea anakuambia: "Beba tu mzigo, utanilipa baada ya wiki mbili." Jioni duka limejaa hadi juu na hujatoa hata shilingi. Raha, si ndiyo? Sasa swali: biashara yako imekua kiasi gani siku hiyo?

Jibu ni kwamba duka limekua, lakini sehemu iliyo yako haijakua hata kidogo. Ili uone kwa nini, unahitaji hesabu moja tu, ile ambayo wahasibu wote huanzia:

Mali = Madeni + Mtaji

Maneno matatu, basi

Mali ni kila kitu chenye thamani ambacho duka linacho: pesa kwenye tili na kwenye droo, bidhaa zilizo kwenye rafu, kabati la kioo, hata pesa ambazo wateja hawajakulipa. Madeni ni yale ambayo duka linadaiwa na watu wengine. Mtaji ni kinachobaki kuwa chako ukishaondoa madeni. Watu wengi husema "mtaji" wakimaanisha pesa za kuanzia, lakini hapa neno hili ni pana kidogo: ni sehemu yako ndani ya duka leo, pamoja na faida uliyoiacha humo.

Pande hizi mbili lazima zilingane, kwa sababu zinaeleza kitu kimoja kwa njia mbili. Upande wa kushoto unauliza, "Kuna nini dukani?" Upande wa kulia unauliza, "Ni vya nani?" Kila kitu dukani kimetokana na pesa ya mtu, ama yako au ya anayekudai. Hakuna kilichoanguka kutoka mbinguni.

Kabla ya kwenda Luthuli

Tupige hesabu. Una Sh 12,000 kwenye tili, bidhaa za Sh 30,000 kwa bei uliyonunulia, na kabati la kioo la Sh 18,000. Hudaiwi na mtu.

Mali 60,000 = Madeni 0 + Mtaji 60,000

Mzigo wa mkopo unaingia

Unabeba chaja 50 za Sh 200, iyafoni 60 za Sh 150 na kava 60 za Sh 100. Jumla ni Sh 25,000, na zote ni za kulipa baada ya siku 14.

Kushoto, bidhaa zinapanda kutoka 30,000 hadi 55,000. Kulia, deni linatoka sifuri hadi 25,000.

Mali 85,000 = Madeni 25,000 + Mtaji 60,000

Angalia mtaji: ulikuwa 60,000, na bado ni 60,000. Pande zote mbili zimepanda kwa kiasi kilekile, lakini kilichopanda upande wa kulia ni deni. Ungenunua kwa pesa taslimu ingekuwa tofauti: pesa zingepungua, bidhaa zingeongezeka, zote upande wa kushoto, na jumla isingesogea.

Mauzo ndiyo yanayokuza mtaji

Wiki ya kwanza chaja zote 50 zinaisha, kila moja kwa Sh 300. Tili inapokea Sh 15,000. Lakini zile chaja ulizinunua kwa Sh 10,000, na sasa hazipo kwenye rafu. Kwa hivyo mali imepungua 10,000 na kuongezeka 15,000. Ile tofauti ya Sh 5,000 ndiyo faida, na faida ni yako, kwa hivyo inaingia kwenye mtaji. (Nauli na ada za tili tumeziacha kando ili hesabu iwe nyepesi. Katika maisha halisi, nazo hupunguza mtaji.)

Mali 90,000 = Madeni 25,000 + Mtaji 65,000

Hapa ndipo wengi huteleza

Jumamosi unaangalia salio: Sh 27,000. Mtoto ametumwa karo ya Sh 10,000. Pesa ziko, unazitoa. Kwani shida iko wapi?

Pesa unayotoa kwa matumizi ya nyumbani hupunguza mali na mtaji kwa pamoja, lakini deni haliguswi.

Mali 80,000 = Madeni 25,000 + Mtaji 55,000

Tuseme wiki ya pili inakuwa baridi na huuzi kitu. Siku ya 14 inafika, muuzaji wa Luthuli anataka Sh 25,000, na tili ina Sh 17,000. Kwenye karatasi una mtaji wa 55,000, lakini umefungiwa kwenye iyafoni, kava na kabati, na muuzaji hatakubali kulipwa kabati.

Hata ungetoa ile faida ya Sh 5,000 peke yake, ungebaki na 22,000, ambazo bado hazitoshi. Faida ni ya kweli, ila sehemu kubwa yake imekaa kwenye rafu ikisubiri mteja. Kati ya zile 27,000, pesa ambazo zilikuwa huru kutumika kabla ya siku ya deni ni Sh 2,000 tu. Salio la tili, toa deni linalokaribia: hiyo ndiyo namba ya kuangalia kabla ya kutoa pesa.

Usipotoa kitu, siku ya kulipa inakuwa hivi: tili inashuka kutoka 27,000 hadi 2,000, na deni linaisha.

Mali 65,000 = Madeni 0 + Mtaji 65,000

Ona kwamba kulipa deni hakukupunguzia mtaji. Inauma kuona Sh 25,000 zikiondoka, lakini hazikuwa zako.

Mzigo ukiharibika

Ukigundua kava 10 zimepasuka, na muuzaji hazikubali tena, mali inapungua Sh 1,000 na mtaji unapungua Sh 1,000. Deni linabaki palepale. Mzigo ukiharibika, deni haliharibiki. Lakini akikubali kuzipokea kabla hujalipa na akupunguzie deni, basi mali na deni vinashuka pamoja, na mtaji wako uko salama. Ndiyo maana ni vizuri kukagua mzigo siku ileile na kukubaliana mapema kuhusu vinavyorudishwa.

Kulingana si kuwa sahihi

Jambo la mwisho. Ukisahau kabisa kuandika ule mzigo wa Luthuli, daftari lako bado litalingana: 60,000 kushoto, 60,000 kulia. Utaligundua kosa ukihesabu kwa mkono tu. Kwa hivyo, jioni moja kwa wiki, hesabu bidhaa kwa bei ya kununulia, jumlisha na pesa, kabati na madeni ya wateja. Kisha toa kila unachodaiwa. Kinachobaki ndicho mtaji wako.

Linganisha na cha wiki iliyopita. Kama rafu zimejaa zaidi lakini namba hii haijasogea, basi kilichokua dukani ni deni.