Shosho Akitupa Methali, Usitafsiri Neno kwa Neno

Shosho wa Nyeri amekutumia voisi: "Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ." Anataka umtekstie shemeji yako Mombasa, achangie bili ya hosi ya guka.

Ukiandika "kakikundi huinua kinu," shem atauliza kinu gani. Ndĩrĩ ni kile kinu kizito cha mbao. Mmoja hakiwezi, lakini watu wakishikana kinainuka. Beba hiyo maana, kinu uache Nyeri.

"Haba na haba" haiingii, juu hiyo ni ya kuongeza polepole. "Kidole kimoja hakivunji chawa" ndiyo inafika. Alafu ongeza ombi wazi, juu methali peke yake haitaji pesa:

"Shem, shosho anasema kidole kimoja hakivunji chawa. Tunachangia bili ya guka, tusaidie na chochote."

Hapo shem haulizi kinu.