Hati Safi, Lakini Kuna Aya ya Msisitizo

Chukulia kampuni ya kusaga nafaka mjini Morogoro, yenye mali za shilingi bilioni 4. Mwezi mmoja kabla ya kufunga hesabu za mwaka, jirani anaishtaki akidai kiwanja kilichojengwa ghala ni chake, na anataka fidia ya shilingi milioni 900. Kesi bado iko mahakamani, na wakili wa kampuni anasema haiwezekani kujua itaamuliwa vipi.

Kwa kuwa haijulikani nani atashinda, kanuni za uhasibu haziilazimishi kampuni kutenga fedha za fidia hiyo. Zinailazimisha kuieleza. Wakurugenzi basi wanaandika kwenye Ufafanuzi Na. 27 nani ameshtaki, anadai nini, kiasi gani, na kesi imefika wapi. Mkaguzi anasoma barua ya wakili na nyaraka za kiwanja, anaridhika kwamba maelezo yale ni kamili na ya kweli, na anatoa hati inayoridhisha. Hata hivyo anajua kwamba milioni 900 zikitoka, kampuni itayumba, na mwanahisa mwenye haraka huenda asifike Ufafanuzi Na. 27. Hapo ndipo anapoongeza aya ya msisitizo.

Aya hiyo ni fupi. Inasema: tunamwelekeza msomaji kwenye Ufafanuzi Na. 27, unaoeleza kesi inayoikabili kampuni. Maoni yetu hayajabadilishwa kwa sababu ya jambo hili. Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba uzito wote. Wasomaji wengi huiruka, kisha wakatangaza kwamba kampuni imepata hati chafu. Haikupata. Mkaguzi amenyoosha kidole kwenye jambo ambalo wakurugenzi wenyewe wamekwisha kulisema, wala hana ugomvi na namna walivyolisema.

Sasa badili kitu kimoja tu. Kesi ni ileile, lakini wakurugenzi wameifuta kwenye ufafanuzi kwa kuogopa kuitisha benki. Mkaguzi hawezi tena kuandika aya ya msisitizo, kwa sababu hakuna ufafanuzi wa kumwelekezea msomaji. Hesabu zenyewe zina upungufu. Atawaomba wairudishe, na wakikataa atatoa hati yenye mashaka: hesabu ni sahihi isipokuwa katika jambo hili. Tena, inapowezekana, ataieleza kesi yenyewe ndani ya ripoti, kwenye msingi wa maoni yake. Kosa lingekuwa limeenea kiasi cha kuzifanya hesabu nzima zipotoshe, hati ingekuwa isiyoridhisha.

Badili tena. Safari hii kampuni inamzuia mkaguzi kuwasiliana na wakili, na hana njia nyingine ya kujua undani wa kesi. Hapa hajui kama hesabu zina kosa au hazina. Anachokosa ni ushahidi. Atatoa hati yenye mashaka, au, ikiwa jambo linaloweza kuwa limefichika ni kubwa na linagusa hesabu zote, atakataa kutoa maoni.

Viwango vya kimataifa vya ukaguzi, hasa namba 705 na 706, vinakataza aya ya msisitizo itumike badala ya hati yenye mashaka. Naliona katazo hili kuwa la lazima, maana kishawishi kipo. Mteja anayelipa ada angependa sana kasoro yake iitwe msisitizo, ili hati ibaki safi. Ukikuta aya ya msisitizo isiyotaja ufafanuzi wowote, au inayolalamika kwamba jambo fulani halikurekodiwa, una haki ya kuhoji.

Shaka kuhusu kampuni kuendelea na shughuli zake nayo ina mahali pake. Zamani iliwekwa kwenye msisitizo. Kwa hesabu za vipindi vinavyoishia tarehe 15 Desemba 2016 na kuendelea, ina sehemu yake yenye kichwa chake.

Aya ya mambo mengineyo ni kitu kingine. Hii inahusu jambo ambalo halimo kwenye hesabu wala halikutakiwa kuwamo, ila linamsaidia msomaji kuuelewa ukaguzi. Mfano wa kawaida ni pale hesabu za mwaka uliopita zilipokaguliwa na mkaguzi mwingine. Mkaguzi mpya anaweza kulitaja hilo, na akilitaja anasema yule wa kwanza alitoa hati ya aina gani, tarehe ipi, na kama haikuwa safi, kwa nini. Lakini tuseme mashaka ya mwaka jana yalihusu gunia za mahindi ambazo hazikuhesabiwa ghalani, na tatizo hilo linaendelea kuvuruga faida ya mwaka huu. Kulitaja kwenye mambo mengineyo hakutoshi. Mkaguzi mpya naye atalazimika kubadili maoni yake.