Kusi katika Kiarabu cha Simu: Tatizo la Kufasiri Majina ya Upepo Pwani ya Kwale

Makala haya yanachunguza namna jina la upepo linavyoweza kupotoka maana litolewapo katika utabiri wa Kiarabu na kuelezwa kwa Kiswahili. Tuchukue mfano wa msafiri Mwomani aliyefikia Diani mwezi wa Julai, naye anamwonyesha nahodha wa Msambweni picha ya skrini ya simu yake.

Picha hiyo ina safu za siku, na kila safu ina alama ya jua au wingu, halijoto na jina la upepo. Kwa kuwa Kiarabu huandikwa kutoka kulia, safu ya leo ndiyo ya kulia kabisa. Aliyezoea hati za Kilatini huanzia kushoto, akaidhania siku ya mwisho kuwa leo. Tarakimu, hata hivyo, hazigeuki: ٢٦ ni 26, wala si 62.

Kiini cha tatizo kimo katika maneno رياح جنوبية شرقية. Vivumishi hivi vya nisba hutaja asili ya upepo: watoka kusini-mashariki. Tukisema kwa Kiswahili “upepo wa kusini-mashariki”, kiunganishi -a hakibainishi kama huko ndiko utokako au uendako. Tena, katika programu nyingi mshale ulio kando ya maneno huelekea uendako upepo, yaani kaskazini-magharibi. Anayeyashika maneno na mshale kuwa yanasema jambo moja huugeuza upepo. Hapo kosa si la sarufi tu. Bahari ya Kwale iko mashariki. Upepo utokao kusini-mashariki huvuma kuelekea pwani na kuchafua bahari nje ya mwamba, ilhali utokao kaskazini-magharibi hutoka nchi kavu na kukisukuma chombo kwenda bahari kuu.

Je, yafaa kufasiri kwa neno “kusi”? Kwa Julai yafaa, maana ndio msimu wake. Lakini kusi ni jina la upepo pamoja na majira. Upepo wa siku moja utokao upande huohuo mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, hauitwi hivyo bila kumpotosha msikilizaji. Aidha, upepo huu ukiisha kuvuka ikweta hupinda kulia kwa sababu ya mzunguko wa dunia, ukafika pwani ya Omani ukitokea kusini-magharibi. Kwa hiyo Mwomani anayeambiwa kwamba kusi ni upepo wa kwao wa kiangazi atatazamia جنوبية غربية, na kuudhania utabiri wa Diani kuwa na kosa.

Tafsiri tunayoipendekeza ni “upepo unaotoka kusini-mashariki”, kisha “kusi” iongezwe pale majira yanaporuhusu. Kitenzi “kutoka” ndicho kibebacho maana ambayo Kiarabu huiweka katika nisba.