Kutoa kinyesi kigumu kwa kidole

Kinyesi kikikaa siku nyingi kwenye puru hukauka na kuwa donge ambalo misuli haiwezi kulisukuma. Wakati mwingine choo cha majimaji hupenya kando yake na kuchafua nguo. Familia hudhani ni kuhara, ikampa mgonjwa dawa ya kufunga choo, na donge likazidi kukaza.

Kulitoa kwa kidole hufikiriwa baada ya dawa za kulainisha choo, vidonge vya kuingizwa nyuma na enema kushindwa. Kwa baadhi ya waliojeruhiwa uti wa mgongo, hata hivyo, ni sehemu ya utunzaji wa kawaida.

Mfano ni mkwezi aliyeanguka mnazini na kuumia uti wa mgongo sehemu ya shingo. Muuguzi humwomba ridhaa, hupima presha na mapigo ya moyo, kisha humlaza ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Kidole kimoja chenye glavu na jeli huingizwa taratibu, na donge hutolewa vipande vidogo vidogo. Kwa kuwa mkwezi hahisi maumivu, puru inaweza kuchanika asilalamike; damu kwenye glavu ndiyo humwonya muuguzi aache.

Hatari kubwa zaidi ni presha kupanda ghafla: kichwa humgonga, uso humwiva, jasho humtoka. Aliyefunzwa huacha papo hapo, humketisha, humlegeza nguo na kupima presha tena. Isiposhuka, daktari huitwa haraka, maana kiharusi kinaweza kufuata. Asiyefunzwa angedhani ni joto au aibu tu, akaendelea.