Kabla ya kumwomba bosi mota mpya, zipime za zamani

Ingia karakana yoyote ya kushona sare za shule jijini Dar es Salaam wakati wa mapumziko ya mchana. Washonaji wametoka kula, viti vitupu, lakini chini ya meza unasikia mvumo. Ni mota za klachi. Zikiwashwa asubuhi huzunguka mfululizo, sindano iende isiende. Mshonaji akikanyaga pedali hawashi mota. Anachofanya ni kuibana klachi ili mzunguko ambao tayari upo uvutwe na mkanda mpaka kwenye cherehani. Akiachia, cherehani husimama na mota huendelea kula umeme.

Mota ya sevo haifanyi hivyo. Huzunguka pale tu pedali inapokanyagwa, na mshonaji akipanga vitambaa au akikata uzi, yenyewe imetulia. Kwa kuwa sindano hushona sehemu ndogo tu ya saa za kazi, fundi mkuu anayeliona hilo hushawishika haraka kuandika dokezo kwa mwenye karakana: tubadilishe mota zote. Wazo lake ni zuri. Madokezo mengi ya aina hii hukataliwa, au hukubaliwa kisha yakaleta lawama, kwa sababu ya namba iliyo kwenye mstari wa kwanza wa hesabu.

Tuchukue mfano wa karakana yenye cherehani 40, inayofanya kazi saa 9 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Tuseme umeme unagharimu shilingi 300 kwa uniti kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Kama karakana imesajiliwa kulipa kodi hiyo na huirejesha katika hesabu zake za kila mwezi, basi umeme na mota zote zihesabiwe bila kodi. Kuchanganya bei yenye kodi na isiyo na kodi ni kosa ambalo mhasibu ataliona kabla hajamaliza ukurasa. Sevo moja tuiweke shilingi 200,000, na 40,000 za ufungaji, mkanda na kinga ya umeme. Jumla kwa cherehani zote ni shilingi 9,600,000.

Muuzaji wa sevo atakupa hesabu tamu. Atasoma kibati cha mota ya zamani, wati 400, azidishe kwa saa 2,700 za mwaka, apate uniti 1,080. Sevo inaokoa asilimia 70, atasema, yaani uniti 756, sawa na shilingi 226,800 kwa kila cherehani. Fedha zinarudi ndani ya miezi 13.

Kasoro ni kwamba namba ya kwenye kibati haisemi mota inakula nini. Inasema mota inaweza kutoa nguvu kiasi gani ikilemewa kabisa, na mota inayozunguka bila kuvuta cherehani haijalemewa. Fundi mwangalifu zaidi huja na klampu mita, hubana waya, husoma ampea na kuzizidisha kwa volti 230. Naye anapotoka. Mota inayozunguka bure huvuta mkondo mkubwa ambao sehemu yake nzuri haifanyi kazi yoyote, na mita ya Luku haihesabu sehemu hiyo. Ukizidisha ampea kwa volti unapata namba kubwa kuliko utakayolipia.

Kifaa kinachofaa ni mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, inayosoma wati halisi na kujumlisha uniti. Ifungwe kwenye cherehani moja kwa wiki nzima ya kazi, kisha ihamishiwe nyingine inayoshona kitu tofauti. Halafu iazimwe sevo moja dukani na ipimwe kwenye cherehani ileile, kwa mshonaji yuleyule. Tuseme vipimo vimeonyesha wastani wa wati 220 kwa klachi na wati 70 kwa sevo. Tofauti ni wati 150, yaani uniti 405 kwa mwaka, shilingi 121,500. Kwa cherehani 40 ni shilingi 4,860,000. Miezi 13 ya muuzaji sasa ni miezi 24.

Hapo mwenye karakana atauliza swali ambalo dokezo zuri linapaswa kulijibu kabla hajalitamka: kwa nini wasizime tu wakienda kula? Ana haki. Saa 1 ya mapumziko ikizimwa, mota ya klachi inaacha kula uniti kama 45 kwa mwaka bila kununuliwa chochote. Akiba hiyo si ya sevo, na fundi hapaswi kuihesabu kama ya sevo. Mimi ningeanza kuzima wiki hiyohiyo na kuiandika ndani ya dokezo, kwa sababu mwombaji anayejipunguzia mwenyewe faida huaminiwa katika namba zinazobaki.

Hatari kubwa ya sevo iko kwenye kisanduku chake cha umeme. Mota ya klachi ni waya na chuma, na ikiungua mafundi wa kusuka mota wapo wengi mitaani. Sevo ina bodi ya elektroniki, na umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, bodi ndiyo huungua kwanza. Mara nyingi hubadilishwa nzima. Ndiyo maana kinga ya umeme imo ndani ya bei, na washonaji waelekezwe kuzima swichi umeme unapokatika, wasubiri utulie. Hata hivyo tuweke sevo 3 zitakazokufa kila mwaka, shilingi 600,000. Ukiondoa hizo pamoja na akiba ya mapumziko, linabaki punguzo la shilingi 3,720,000 kwa mwaka, na fedha zinarudi baada ya miezi 31.

Hatari nyingine ni kitambaa. Sevo za bei ya chini huwa dhaifu zikienda polepole, na kwenye mshono mnene wa turubai au jinzi sindano hukwama katikati. Cherehani za mabegi zibaki na klachi. Kasi nayo ipangwe mbele ya mshonaji mwenyewe. Anayelipwa kwa kipande akiona sevo inamchelewesha atadai mota yake ya zamani, na atakuwa sahihi.

Linalobaki ni msimu. Sare hushonwa sana kuelekea shule kufunguliwa Januari, kisha kazi hupungua. Mota isiyowashwa haiokoi chochote. Saa za kazi zikishuka kwa theluthi, akiba ya umeme inashuka hadi shilingi 2,880,000, na ukitoa sevo zilizokufa, marejesho yanapita miaka 4. Kifaa chenye dhamana ya mwaka 1 hakifai kusubiriwa muda huo.

Kuhusu utulivu wa karakana na mshono kusimama pale mshonaji anapotaka, hayo ni ya kweli na yatajwe kwa maneno. Yasigeuzwe shilingi. Kasi ya kushona huleta fedha pale tu kuna oda ya ziada inayosubiri kushonwa.

Kwa karakana hii, dokezo ambalo ningelitia sahihi linaomba sevo 15, si 40, kwa zile cherehani zinazoshona mwaka mzima. Ni shilingi 3,600,000, zinazorudi kwa takriban miaka 2 na nusu hata tukikubali sevo 1 ife kila mwaka. Zianze 5, zipimwe kwa mwezi mmoja wa kawaida. Matarajio ni uniti 30 kwa kila cherehani. Zikiwa chini ya 25, ununuzi usimame na sevo 10 zilizobaki zisiagizwe.