Tarehe 9, Si 20

Mhasibu jijini Nairobi amemwandikia mwenye duka kwamba kodi ya mishahara ya Machi italipwa kufikia 20 Aprili. Jioni ya tarehe 7 anagundua kosa: 20 ni siku ya mwisho ya kodi ya ongezeko la thamani. Ya mishahara ni tarehe 9.

Zimebaki siku mbili, kwa hiyo apige simu kwanza, kwani barua pepe yaweza kulala bila kusomwa hadi faini iingie. Kisha aandike, akijibu ujumbe uleule wa awali ili asiyesikia simu aone vyote pamoja:

“Mama, tarehe sahihi ya kodi ya mishahara ni 9 Aprili, si 20 kama nilivyokuandikia Jumatatu. Nilichanganya na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo inabaki tarehe 20. Tafadhali lipa kufikia keshokutwa, kiasi hakijabadilika. Kama ulimtumia mtu mwingine ujumbe ule, nijulishe nimwandikie.”

Tarehe sahihi imetangulia radhi. Wengi huanza na aya nzima ya kuomba msamaha, na mteja mwenye foleni dukani huacha kusoma kabla ya kuifikia. Kile kisichobadilika nacho kimetajwa, maana mtu akisikia kosa moja huanza kushuku na hesabu nyingine.

Na kama tarehe 9 imeshapita? Hapo mhasibu aeleze faini ni kiasi gani na nani ataibeba, kabla mteja hajauliza.