Folda Mpya Huzaliwa na Ruhusa Gani?

Katika Linux, amri ya `mkdir` huomba ruhusa zote, 777, kisha umask huondoa zisizotakiwa. Mara nyingi umask huwa 022, na folda hupata 755: kila mwenye akaunti anaweza kusoma orodha yake, iwapo folda ya juu haimzuii. Kwa folda ya mishahara, hilo ni hatari.

Mhasibu anaweza kuandika hivi:

```
umask 027
mkdir mishahara
ls -ld mishahara
```

Tarakimu 2 hulinyima kundi ruhusa ya kuandika. 7 huwanyima wengine kila kitu. Bila `d`, `ls -l` ingeonyesha vilivyomo, si folda yenyewe.

Mstari utaanza na `drwxr-x---`. Baada ya `d`, alama ya folda, herufi husomwa tatu tatu: mwenyewe, kundi, wengine. Ndiyo 750.

Wengi hukosea kwenye `x`. Kwa folda, hiyo ni ruhusa ya kupita na kuyafikia yaliyomo. Kundi likibaki na `r--`, litaona majina ya faili bila kuweza kufungua hata moja.

Folda za zamani haziguswi. Hizo hurekebishwa kwa `chmod`. Umask yenyewe hupotea dirisha la amri likifungwa, isipokuwa imeandikwa kwenye faili la mipangilio, kama `~/.bashrc`.